Maswali na majibu: Kuelewana na kolorista, mrekebishaji wa rangi, kabla hajaigusa filamu yako

Nimekusanya picha za mfano zaidi ya sitini, nyingine za filamu, nyingine za wapiga picha tu. Nimtumie kolorista zote achague mwenyewe? (Mwongozaji, Mwanza)

Usimtumie. Picha sitini lazima zitapingana: moja ina weusi mzito, nyingine vivuli vyake vimefifia hadi kuwa kijivu. Kolorista hana namna ya kujua ipi uliipenda kwa rangi yake na ipi uliipenda kwa sababu mwigizaji ana sura nzuri. Chagua tatu au nne kwa kila sini kubwa, na chini ya kila picha andika sentensi moja ya kitu unachokitaka humo. "Hapa nataka vivuli tu: chini ya meza ni giza, lakini miguu ya kiti bado inaonekana." "Hapa nataka anga: imepauka, haina bluu ya kadi ya posta." Ongeza na picha moja ya kitu usichokitaka kabisa. Mara nyingi hiyo ndiyo inayomaliza ubishi mapema kuliko zote.

Halafu chunguza picha yenyewe ilipigwa wapi na kwa mwanga gani. Chumba chenye dirisha moja na ukuta wa kijani hakitakusaidia kitu kama sini yako uliipiga uani saa sita mchana. Mwelekeo wa mwanga, rangi ya ukuta na nguo vilishaamuliwa lokesheni, na kolorista anafanya kazi ndani ya hivyo. Ndiyo maana ni afadhali picha hizi azione pamoja na kameramani kabla hamjaanza kupiga.

Picha zangu za mfano karibu zote ni za filamu za Ulaya. Waigizaji wangu ni weusi. Kuna tatizo? (Mtayarishaji, Nairobi)

Lipo, na linaonekana kwenye nyuso kabla ya mahali pengine popote. Ukiiga mwangaza wa filamu ambayo nyuso zake ni nyeupe kisha ukaitia giza "ya kisinema", uso mweusi unazama ukutani na macho na meno tu ndiyo yanabaki. Ngozi nyeusi pia inaakisi kilicho karibu nayo. Upande unaotazama anga unavuta bluu, na ulio karibu na majani unavuta kijani, kwa hiyo mtindo wa kutia vivuli vyote rangi ya bluu unaweza kumfanya mtu aonekane mgonjwa.

Ongeza angalau picha mbili za watu wenye ngozi inayokaribiana na ya waigizaji wako, na uandike: "Uso kwanza, ukuta baadaye." Kolorista ataipima ngozi kwa vektaskopu, yaani grafu ya duara inayoonyesha rangi na ukolezi wake, ambako kuna mstari ambao ngozi za watu wa rangi zote huangukia karibu nao. Kinachotofautiana zaidi ni mwangaza na ukolezi. Lakini mstari huo haujui kwamba mhusika wako mmoja ni mweusi tii na dada yake ni maji ya kunde. Mwambie tofauti hiyo ibaki, asije akawasawazisha wote.

Tuna sini moja ya mama na binti barazani. Shoti pana tulipiga saa kumi na nusu jioni, uso wa mama saa kumi na moja na robo, uso wa binti saa kumi na mbili na dakika ishirini jua likiwa limeshazama. Zikiunganishwa zinarukaruka. Nimwambie nini kolorista? (Mwongozaji, Tanga)

Huku kwetu karibu na ikweta jua likishazama giza halikawii, kwa hiyo hali hii inawakuta wengi.

Anza kwa kujua kipi kinarekebishika. Joto la rangi, mwangaza na kontrasti vinasogea. Kivuli hakisogei. Shoti pana ina jua la moja kwa moja, nguzo ya baraza inatupa kivuli kikali ukutani na mama ana kivuli chini ya pua. Binti hana kivuli chochote, mwanga wake ni laini kutoka angani. Hakuna atakayeweza kumpa binti kivuli cha nguzo ambacho hakikuwepo.

Wengi huchagua shoti nzuri kuliko zote iwe msingi na kutaka nyingine ziifuate. Mimi nachagua ile isiyo na pa kwenda. Hapa ni ya binti, kwa sababu ilipigwa na mwanga mdogo na ukiipandisha mwangaza sana utaona chenga kwenye vivuli. Za mama zina nafasi ya kushuka, ziifuate hiyo. Maelezo yako yaandike hivi:

"Shoti ya msingi ni ya binti, taimukodi 00:14:22:08. Kanga yake nyeupe ibaki nyeupe, isielekee bluu wala chungwa. Shoti za mama: punguza mng'ao wa shavu, inua kidogo vivuli vya shingoni, toa joto kiasi. Shoti pana iruhusiwe kubaki na joto kidogo, maana ndiyo inayofungua sini."

Kwenye programu ya DaVinci Resolve atatumia `Grab Still` kuhifadhi picha ya binti, kisha ataiweka nusu ya skrini na mama nusu nyingine. Ukiwa umekaa naye, tazama vitu vitatu kwa zamu: upande wa uso wenye mwanga, kitu cheupe, na ukuta. Ukuta ukikataa kulingana huku nyuso zimelingana, achana na ukuta. Baada ya hapo mwombe afungue `Lightbox`, inayopanga shoti zote zikiwa ndogondogo. Iliyopotoka utaiona hapo hapo. Mwisho chezesheni sini nzima na sauti yake bila kusimamisha, kwa kuwa ukisimamisha kila fremu utaanza kusumbuka na tofauti ambazo mtazamaji hatazigundua.

Kama shoti pana na ya binti bado hazikubaliani, mrudie mhariri. Aweke katikati mikono ya mama akimimina kahawa. Jicho linasamehe mengi likishapitia shoti nyingine.

Jambo moja zaidi: kama kamera ilikuwa kwenye waiti balansi ya otomatiki, mwambie kolorista mapema. Rangi hugeuka ndani ya shoti moja, na kila mgeuko unataka kurekebishwa kwa mkono, jambo linalokula muda na pesa.

Alichonionyesha kolorista studio na ninachokiona kwenye simu ni vitu viwili. Nani anadanganya? (Mwongozaji, Mombasa)

Simu, mara nyingi. Monita ya kolorista, kama imepimwa vizuri, ina mwangaza wa niti 100 kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Simu yako inajipandisha mwanga yenyewe, na `Night Shift` au `True Tone` ikiwa imewashwa inaongeza manjano. Zima vyote hivyo. Faili isipitie WhatsApp kama video ya kawaida, maana inabanwa. Itume kama dokyumenti au kwa linki ya kupakua. Mkubaliane pia kifaa kimoja mtakachokitumia wote wawili kuhakiki.

Mhariri aliweka luti yake, yaani mpangilio wa rangi uliotayarishwa, tangu mwanzo, sasa tumeizoea na kila kazi ya kolorista naiona mbaya. (Mtayarishaji, Dar es Salaam)

Mpe kolorista nakala ya mhariri kama picha ya mfano, useme unachokipenda humo ni nini hasa. Luti yenyewe iondolewe kwenye faili anazopokea. Halafu pumzika usiku mmoja kabla ya kumjibu.

Nikitaka marekebisho, niandikeje? (Mwongozaji, Arusha)

Taja taimukodi, sema unachokiona na unachotaka mtazamaji akione, na umwachie yeye kifaa. "00:31:05:10, uso wa dereva umekuwa mwekundu kuliko shoti iliyotangulia" inatosha. "Punguza gamma ya nyekundu kwa nne" inamfunga mikono, na huenda chanzo ni shati jekundu la abiria aliyekaa jirani yake.