Nusu digrii kwenye mkunjo, milimita ngapi ukingoni?

Mchoro unataka mkunjo wa bati wa digrii 90, kosa lisizidi ±0.5. Flanji, ule upande uliosimama, ina kimo cha mm 300. Ukingo wake wa juu unaweza kuhama kwa kiasi gani?

Milimita 2.6 kuelekea nje au 2.6 kuelekea ndani. Unazidisha kimo cha flanji kwa saini ya kosa la pembe: saini ya digrii 0.5 ni 0.00873, na mara 300 ni 2.62. Ukitaka hesabu ya kichwani, shika kwamba digrii moja huhamisha ukingo mm 1.75 kwa kila mm 100 za kimo. Nusu digrii ni nusu ya hapo, yaani 0.87, na flanji yako ina mia tatu.

Ukitumia tanjenti badala ya saini hutaona tofauti, kwa kuwa kwenye pembe ndogo kama hizi namba hizo mbili karibu ni moja. Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba kimo chenyewe hakibadiliki. Flanji iliyolala nusu digrii hupungua kimo kwa takriban mm 0.01 tu, kwa hiyo fundi anayepima kimo peke yake kwa kalipa ataipitisha kazi ambayo ukingo wake umekwenda mm 2.6 pembeni.

Nimepiga hesabu hiyohiyo nikapata mm 143.8. Nimekosea wapi?

Kikokotoo chako kiko kwenye `RAD`. Kirudishe kwenye `DEG`. Kwenye laha ya hesabu ya kompyuta kosa ni lilelile, kwa sababu `SIN` huchukulia kwamba umeipa radiani. Andika hivi:

```
=300*SIN(RADIANS(0.5))
```

Sanduku langu lina mkunjo wenye urefu wa mm 1200, na flanji ina kimo cha mm 250. Nimezidisha kwa 1200 nikapata zaidi ya mm 10. Mbona ni kubwa hivyo?

Umechukua urefu usiohusika. Fikiria mlango: mstari wa mkunjo ndio bawaba, na flanji ndiyo mlango wenyewe. Ukiusukuma mlango kidogo, ukingo wake husogea kulingana na upana wake kutoka kwenye bawaba, si kulingana na urefu wake wa kwenda juu. Hapa upana huo ni mm 250, na kwa nusu digrii ukingo husogea mm 2.18.

Ile 1200 inaingia kwa njia nyingine. Mkunjo mrefu mara nyingi haupati pembe moja mwanzo hadi mwisho. Mashine ya kukunjia inapobana, boriti zake hupinda kidogo katikati, na kisu cha juu hakizami pale kama kinavyozama pembeni. Matokeo yake pembe ya katikati hubaki wazi zaidi. Ukipima digrii 90.0 kwenye ncha mbili na 90.6 katikati, ukingo wa flanji ya mm 250 utakuwa na tumbo la takriban mm 2.6. Dawa yake ni kuinua meza katikati, kwa kabari za mashine kama zipo au kwa vipande vyembamba vya bati chini ya V inayopokea kisu. Lakini ukikuta ncha moja ina 90.0 na nyingine 90.5, huo si upindaji wa boriti: kisu hakiko sambamba na meza, na kuongeza kitu katikati hakutasaidia.

Nimekunja chaneli ya urefu wa mm 1200: kitako mm 200, mbavu mbili za mm 250, bati la mm 2. Kila mkunjo uko ndani ya ±0.5, lakini kifuniko hakiingii. Nani ana kosa, fundi au mchoro?

Mchoro. Kila ubavu unaruhusiwa kuhama mm 2.18, na mdomo wa chaneli unabeba makosa ya mbavu zote mbili. Zikilala zote ndani, mdomo unapungua mm 4.36, na zikifunguka zote unaongezeka kiasi hichohicho. Usitegemee moja kufunga na nyingine kufunguka ili zifidiane. Mikunjo yote miwili imetoka kwenye bati lilelile, V ileile na kina kilekile, kwa hiyo kwa kawaida hukosea kuelekea upande mmoja.

Anza na kifuniko, urudi nyuma hadi kwenye pembe. Tuseme kinavumilia mdomo wa ±1.5. Gawa kwa mbavu mbili, upate 0.75 kwa kila ubavu, kisha gawa kwa kimo:

```
=DEGREES(ASIN(0.75/250))
```

Jibu ni digrii 0.17, yaani dakika 10 za pembe. Hicho ndicho kiasi ambacho daraja la `m` la ISO 2768-1 huruhusu, ambapo upande mfupi wa pembe uko kati ya mm 120 na 400. Mchoraji anaweza kuandika `ISO 2768-m` pembeni mwa mchoro bila kujua amedai nini. Kwenye V ya mm 16, kosa la takriban sehemu moja ya kumi ya milimita katika kina cha kisu hutosha kuhamisha pembe digrii nzima, na hapo bado hujahesabu unene wa bati unaotofautiana na jinsi bati linavyorudi nyuma likiachiwa. Kudai dakika 10 kwa kila mkunjo ni kununua kazi ya kurekebisha kipande kwa kipande.

Kwa chaneli kama hii tungeacha pembe kwenye ±0.5 na kuandika kipimo cha mdomo chenyewe, 200 ±1.5, kwenye ncha mbili za chaneli na katikati. Kisha tungefunga ncha kwa vibati vya kulehemu vinavyozishika mbavu mahali pake. Bati la mm 2 lenye kimo cha mm 250 husogea kwa mkono milimita kadhaa bila shida, kwa hiyo kibati cha mwisho huisahihisha ncha. Katikati ya mm 1200 hakifiki, na huko unahitaji kiungo kingine cha kuzishika mbavu.

Protrakta yangu ya kidijitali inasoma 90.1, lakini mdomo uko nje kwa zaidi ya milimita. Niamini kipi?

Amini mdomo. Kifaa kinachoweza kukosea digrii 0.2 kinaficha mm 0.87 kwenye kimo cha 250. Tena mkono wake mfupi hukaa karibu na mkunjo, mahali ambapo bati bado lina mviringo, na usomaji huharibika zaidi.

Tumia skwea ndefu. Weka kitako chake kwenye sehemu bapa ya bati, mbali kidogo na mviringo, usogeze ubao wake uguse flanji, halafu pima nafasi iliyobaki kwa fila geji. Mwanya wa mm 1.2 kwenye umbali wa mm 150 kutoka pale inapogusa ni 1.2 ÷ 150, yaani 0.008, ambayo ni saini ya digrii 0.46. Kama flanji imenyooka, mwanya utakua kwa kiwango kilekile, na kwenye mm 250 utasoma 2.0. Ukisoma 3 au 0.5 hapo, flanji yenyewe imepinda, na kurekebisha pembe ya mkunjo hakutaunyoosha ukingo.