Karbamazepini ni ileile, kidonge si kilekile

Mgonjwa wa kifafa aliyekaa miezi mingi salama akianza kuanguka tena, familia husema dawa imemzoea. Kabla ya kukubali hivyo, mwambie alete mfuko wake wa dawa. Mara nyingi utakuta vidonge vilivyobaki ni vingi kuliko vinavyopaswa kubaki, au pakiti ya mwezi huu imetoka kiwanda kingine.

Tuchukue karbamazepini, ambayo wengi huiita Tegretol hata pakiti ikiwa na jina jingine. Mtu mzima ameandikiwa 400 mg asubuhi na 400 mg usiku. Mwili uliokwisha kuizoea dawa hii huiondoa haraka, na kwa baadhi ya watu nusu yake hupotea kila saa 12. Akimeza saa 1 asubuhi kisha akasahau ya saa 1 usiku, kesho yake alfajiri dawa imeshuka hadi kama robo ya ilivyokuwa. Hapo ndipo anapoanguka, na nyumbani wanashangaa kwa sababu "jana si alimeza".

Fenobabitoni hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo kuruka dozi moja huenda kusilete lolote. Huo ni mtego. Familia huona hakuna kilichotokea, wanaruka tena, halafu dawa inakwisha kabisa na kifafa kinampanda mfululizo bila kukatika. Degedege likizidi dakika 5, au likirudia kabla hajapata fahamu, awahishwe hospitali.

Aliyesahau dozi aimeze mara akumbukapo. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, aiache ile iliyopita na kuendelea kwa wakati wake. Asimeze mbili kwa mpigo: karbamazepini ikizidi, mtu huona vitu viwiliviwili, huyumba kama mlevi na hutapika.

Sasa suala la kubadilisha pakiti. Karbamazepini ya 200 mg iko ya kawaida, na iko inayotoa dawa polepole, ambayo pakiti yake huandikwa CR, XR au retard. Miligramu zinalingana, lakini ya kawaida hupanda haraka kwenye damu na kushuka haraka. Aliyezoea ya polepole akipewa ya kawaida bila kuelezwa, anaweza kupata kizunguzungu saa chache baada ya kumeza, kisha akaanguka dozi inayofuata inapokaribia. Kwa hiyo muulize saa. Dalili zikija baada ya kumeza, dawa imepanda mno. Zikija kabla ya kumeza, imeshuka mno. Na ile ya polepole isitwangwe wala kutafunwa, maana dawa yote hutoka kwa pamoja.

Hata aina ikiwa moja, vijazio vya kidonge vina uzito wake. Mwaka 1968 huko Brisbane, Australia, wagonjwa waliokuwa wakitumia fenitoini walianza kuyumba na kuonyesha dalili za sumu bila dozi kubadilika. Kilichobadilika ni kijazio cha kapsuli: kalsiamu salfeti iliondolewa ikawekwa laktosi, na dawa ikawa inaingia mwilini kwa wingi zaidi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri wanaotumia karbamazepini, fenitoini, fenobabitoni na primidoni wabaki na kiwanda kimoja. Kwa levetirasetamu tahadhari hiyo kwa kawaida haihitajiki, kwa hiyo tusiwatie watu hofu kwa kila dawa.

Kuna jambo ambalo watu wa pwani hawaambiwi vya kutosha: unyevu. Vidonge vya karbamazepini vikipata unyevu huwa vigumu na huyeyuka kwa shida, hata theluthi moja ya nguvu yake ikapotea. Vikae ndani ya pakiti yake, mbali na jiko na bafu. Kuvimimina kwenye bahasha ya karatasi dukani ni kumharibia mgonjwa.

Kwa mfamasia, dakika 3 zinatosha. Andika kwenye kadi ya kliniki jina la dawa, kiwanda, miligramu na aina, kisha mwambie mlezi aje na pakiti tupu kila mara, tena siku 7 kabla dawa haijaisha ili upate muda wa kuagiza ileile. Ikikosekana, usimrudishe mikono mitupu, kwa sababu kukaa bila dawa ni hatari kuliko kubadilisha kiwanda. Mpe ya aina ileile, ya kawaida kwa ya kawaida, ya polepole kwa ya polepole, ukimweleza waziwazi kwamba kiwanda kimebadilika. Kama aina yake haipo, mpigie daktari wake kabla ya kutoa. Mlezi aandike kila anguko na kila kizunguzungu, pamoja na saa, kwa wiki 2 za mwanzo, na dalili ikitokea arudi na hiyo karatasi na pakiti zote mbili.