Bajeti ya kambi ya macho: anzeni na meza inayokwenda polepole

"Tunaandaa kambi ya macho ya siku moja, wagonjwa 300. Madaktari wanajitolea. Bajeti tuipangeje?"

Hiyo 300 mmeitoa wapi? Kwenye kambi nilizoratibu, idadi huamuliwa na meza ya kupima miwani. Mtu mmoja akipimwa vizuri huchukua kama dakika 15, kwa hiyo mtaalamu mmoja akifanya kazi kwa muda wa saa 6 bila kupumzika anamaliza watu 24. Tuseme theluthi ya watu wenu watahitaji kipimo hicho: ni 100, yaani wataalamu wanne, kila mmoja na robo saa ya ziada. Mkiwa na wawili tu, andikeni 150 na msiongeze.

Kinachookoa muda ni mchujo wa mlangoni. Asiyeona vizuri mbali asome chati tena kupitia kadi yenye kitundu kidogo. Akiona vizuri zaidi, mara nyingi tatizo ni miwani. Asipoona nafuu, huyo ni wa daktari. Aliyevuka miaka 40 anayeona mbali vizuri ila maandishi ya karibu yanamshinda, mpeni miwani ya kusomea iliyo tayari, asipange foleni ndefu. Nunueni nyingi za +1.50 hadi +2.50, ndizo huisha kwanza.

Dawa ya kutanua mboni haili fedha nyingi. Chupa ya mililita 5 ina takriban matone 100. Tuseme watatiwa watu 60, macho mawili, matone mawili kila jicho, ni matone 240: chupa tatu, ongezeni moja ya akiba, maana ncha ikigusa kope chupa hiyo inatupwa. Kinachosahaulika ni viti na kivuli, kwa sababu mtu husubiri nusu saa hivi mboni ifunguke. Ukumbi uwe na urefu wa mita 6 kwa ajili ya chati, na chumba kimoja kinachoweza kutiwa giza.

Kujitolea kunafuta posho tu. Nauli, chakula, malazi na vibali vya wanaotoka nje ya eneo bado ni vyenu.

Fungu ambalo mimi sikubali liguswe ni la rufaa. Mtamkuta mzee mwenye mtoto wa jicho, mtamwandikia karatasi, na bila fedha karatasi hiyo itaishia mfukoni. Wekeni gharama ya upasuaji, nauli yake na ya msindikizaji, marudio ya kesho yake, na dawa za matone za wiki kadhaa baadaye. Fungu likitosha watu kumi, basi ahidini kumi. Ikibidi kupunguza, punguzeni fulana na mabango.

Matangazo yenyewe yagharimieni kidogo: wahudumu wa afya wa jamii na nyumba za ibada zinatosha, redio itawaletea umati msioumudu. Gaweni namba siku moja kabla, na tangazo liseme wazi kuwa siku hiyo hakuna upasuaji, na atakayetiwa dawa ya mboni hataendesha chombo kurudi nyumbani.