"Nimekosea kutuma": wadogo zangu wa Majengo, fungueni menyu kwanza

Jana kijana wa meza ya jirani hapa Soko la Majengo alinijia mbio, simu sikioni. "Dada, niazime elfu ishirini nimalizie kumrudishia mtu hela yake." Nikamwuliza: kama hela yake imeingia kwako, mbona unakopa ili uirudishe? Akanyamaza. Wadogo zangu, mnaniumiza roho, maana njia hiyo nimeipita.

1. Meseji siyo hela. Nilipoanza kuuza mafuta ya alizeti, asubuhi moja nilikuwa na 312,000 kwenye laini ya biashara. Ikaingia meseji: umepokea 185,000, salio jipya 241,500. Papo hapo mama mmoja akapiga, mtoto analia nyuma yake. Kakosea tarakimu ya mwisho, hela ni ya dawa, mtoto yuko wodini. "Usikate simu, mama, nakuomba." Akanitajia namba nyingine, eti ya mumewe. Nikatumia simu yangu ya pili, nikamtumia mumewe 185,000 kutoka laini ya biashara. Jioni nikaenda kwa wakala kutoa hela ya madumu, nikakuta haifiki hata 127,000. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwaza nitamwambia nini aliyenikopesha mtaji.

Usiku ndipo niliisoma ile meseji vizuri. Imetoka namba ya kawaida, haikukaa pamoja na meseji zangu za miamala. Na hesabu inajisema yenyewe: 312,000 ukiongeza 185,000 ni 497,000, yule kaandika 241,500 kwa sababu hakujua nina ngapi. Ndiyo maana hataki ukate simu: ukikata, utapata nafasi ya kuangalia salio. Kata. Fungua menyu mwenyewe, kama ni M-Pesa ni *150*00#, uone salio na miamala ya mwisho. Jina la mtumaji kwenye meseji lisikutulize, nalo huigizwa.

2. Hela ikiwa imeingia kweli, bado usiitume. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake aombe muamala urudishwe, nawe usiiguse hela hiyo. Ukiirudisha kwa mkono wako, naye akaomba mtandao uirudishe, unakatwa mara mbili. Akikupa namba tofauti na iliyotuma, huenda hela ni ya mtu mwingine aliyeibiwa, na muamala unaoonekana umeisogeza mbele ni wako. Mwenye shida ya kweli atakasirika kidogo, lakini atapiga.

3. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, na meseji ya kitapeli itume kwenda 15040.

Kijana wangu alikata, akafungua menyu. Salio lake lilikuwa 43,500, lile lile la asubuhi. Akaiweka simu juu ya gunia, akarudi kupima karanga za mteja. Ikaita mara nne.