Kumwomba msambazaji tuangalie upya bei iliyofungwa

"Natengeneza sabuni, mafuta ghafi yamepanda 40%. Nina mkataba wa bei moja na msambazaji wa maboksi. Nimwandikieje alegeze, na niambatishe nini?"

Ndugu, kabla ya barua piga hesabu. Tuseme gharama ya katoni ilikuwa 100, mafuta 50, boksi 10. Mafuta yamekuongezea 20. Akikupunguzia boksi kwa 5%, umeokoa 0.5 tu kati ya hiyo 20, na umetumia heshima yako yote hapo. Mwombe kitu chenye uzito kwako kisichomuumiza sana: kulipa siku 60 badala ya 30, au kiwango cha chini cha oda kishuke kwa miezi mitatu. Mpe kitu pia, mfano kuongeza muda wa mkataba.

Ambatisha ankara mbili za mafuta, ya mwezi mliosaini na ya sasa: daraja lilelile, kipimo kilekile, sarafu ileile. Niliwahi kupeleka ankara za madaraja mawili tofauti. Mhasibu wao aliona kabla hajamaliza chai. Faida yako ifiche.

Kuna anayeshauri utaje dharura isiyozuilika, yaani tukio lililo nje ya uwezo wako linaloweza kukuondolea wajibu wa mkataba; yuko nusu sahihi. Soma kifungu chenyewe kwenye mkataba wako, maana kupanda kwa bei peke yake mara nyingi hakutoshi, tena mafuta si bidhaa ya msambazaji wako. Andika kama ombi, usisitishe malipo ukisubiri jibu, la sivyo mvunja mkataba utakuwa wewe. Akikubali, nyongeza ya mkataba isainiwe na pande zote mbili.

Mafuta yenyewe unanunua kwa mkataba au sokoni?