Gharama halisi ya mzigo: usigawe nauli kwa bei ya kununulia

"Wakuu, nimeleta kufuli na chupa za chai kutoka Guangzhou kwa kuchangia kontena. Nauli, ushuru na hela ya wakala nagawaje ili nijue kila kimoja kimenifikia kwa bei gani hapa Dar?"

Mkuu, kila gharama igawe kwa kile kinachoizalisha. Nauli ya kuchangia kontena hutozwa kwa mita za ujazo, labda mzigo uwe mzito kupita kiasi, kwa hiyo igawe kwa nafasi. Bima na ushuru hufuata thamani. Mimi hela ya wakala naigawa kwa thamani pia, ila ya kushusha bandarini na gari la mpaka dukani naigawa kwa nafasi.

Tuseme kufuli ni 2,000 za dola 2, zimekaa mita za ujazo 2. Chupa ni 1,000 za dola 4, zimekaa mita 8. Fedha uliyonunulia ni sawa, dola 4,000 kila upande. Nauli ni 1,000: kufuli zinabeba 200, chupa 800. Bima ni 100: kila upande 50. Forodha inatoza ushuru juu ya bei, nauli na bima kwa pamoja, yaani 4,250 kwa kufuli na 4,850 kwa chupa. Tuchukulie zote zimeangukia kundi la 25%: ushuru ni 1,062.50 na 1,212.50. Umeona nauli ilivyopandisha na ushuru wa chupa? Wakala kachukua 200, nusu kwa nusu. Bandari na gari ni 500: kufuli 100, chupa 400.

Kufuli imefika kwa dola 2.76, chupa kwa 6.56.

Wengi wanachukua jumla ya 12,075, wanagawa kwa 8,000 za kununulia, wanapata 1.51 na kuzidishia kila bei. Hapo chupa inaonekana 6.04. Ukiiuza 6.50 unaamini umepata faida, kumbe kila chupa inakula mtaji. Kufuli nayo inaonekana 3.02, unaipandisha bei na wateja wanahamia kwa jirani. Dalili yake ni hiyo: bidhaa nyepesi yenye nafasi kubwa inatoka haraka mno, na hela ya kuagiza tena haitoshi.

Kodi ya ongezeko la thamani, 18% juu ya thamani ya forodha pamoja na ushuru, sijaiweka. Kama umesajiliwa utaidai kwenye ritani, si gharama. Kama hujasajiliwa, iongeze: chupa inafika 7.65, kufuli 3.23.

Tozo ndogo za forodha, kama ya reli, zichukue kwenye kadhia yako, yaani ile hati ya forodha ya mzigo wako. Ushuru pia uchukue humo humo, usitumie ankara ya muuzaji, kwa sababu forodha wakiikataa bei yako na kupandisha thamani, umelipia ile ya kwao.