Kibali cha mazishi si cheti cha kifo: rufaa yangu ya mkopo

Juzi nimepokea ujumbe: "Shikamoo dada. Awamu zote za mkopo wa chuo zimetoka, jina langu halimo. Baba alishafariki na niliambatisha kila kitu. Nikate rufaa?" Nikamwomba anitumie picha ya alichoambatisha. Kumbe ni kile kile kilichoniliza mimi mwaka wa kwanza: kibali cha mazishi.

Kibali kinaruhusu kuzika tu. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kifo, tena kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa Zanzibar ni ZCSRA. Mimi niliona muhuri wa hospitali nikajua yameisha. Kwa hiyo maombi yangu hayakuwa na uthibitisho wowote kwamba mimi ni yatima. Nilipokwenda kuuliza, mtu wa dirishani alinijibu bila kuinua macho, "Wenzako mbona wana vyeti?" Sijamsahau mpaka leo.

Dirisha la rufaa mwaka wangu lilikuwa la siku 7. Mimi niko Dar, baba kazikwa Korogwe. Jumatatu alfajiri mama alibeba kile kibali, kitambulisho chake na barua ya serikali ya kijiji, akaenda kwa msajili wa wilaya. Cheti kilitoka Jumatano. Nikakipokea kwa simu, nikakikuza pichani, moyo ukapasuka: cheti changu cha kuzaliwa kinasema baba ni Athumani, cha kifo kimeandikwa Othman. Ukiacha hivyo, anayekagua anaona watu wawili. Nikakimbilia kwa wakili, akaniandalia hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Siku hiyo hiyo nikaomba uhakiki mtandaoni. Majibu yalifika Ijumaa usiku.

Rufaa unaijaza kwenye akaunti ile ile uliyoombea mkopo. Nilitaka kumwaga shida zetu zote pale. Nikajizuia, nikaandika mistari mitatu: mwanzo niliambatisha kibali, sasa naleta cheti kilichohakikiwa, na kiapo kinaeleza tofauti ya jina. Nikawasilisha Jumamosi, siku moja kabla ya kufungwa. Nikapata chakula na malazi, na sehemu ya ada. Chuo nimemaliza, wala sioni aibu kujisifu kwa hilo.

Sasa nyinyi wadogo zangu mnaorudia maombi yale yale na kuongeza maneno ya huruma, acheni. Anayepitia rufaa anatafuta kitu ambacho hakukiona mwanzo. Na msingoje dirisha lifunguliwe ndipo muanze kutafuta karatasi, maana siku zile zinaliwa na safari, foleni na uhakiki. Jina likikosekana, siku hiyo hiyo weka vyeti vyako vyote mezani, soma majina herufi kwa herufi.

Binti wa juzi nilimwambia apande basi kesho yake. Jana jioni kanitumia picha akiwa kwa msajili, cheti cha baba yake mkononi. Jina limeandikwa sawasawa.